Tusi Lina Kilo Ngapi

Kazi yangu ni kusikiliza watu wakiongea Kiingereza na kuandika kila walichosema. Transkripsheni, ndivyo tunavyoiita. Unalipwa kwa dakika ya sauti, si kwa dakika ya jasho, kwa hivyo mtu akimumunya maneno huko Manchester, hasara ni yako hapa Umoja. Rekodi zinatoka kila mahali: mkutano wa kampuni ya Ohio, podikasti ya mafundi bomba wa Melbourne, mahojiano ya ajira kutoka Leeds, mchungaji wa Lagos anayehubiri dakika tisini bila kumeza mate. Wote wanasema wanaongea Kiingereza. Miaka mitano ndani ya hedifoni imenifundisha kuwa hapo ni pa kubishana.

Kila mteja hukupa mwongozo. Ndani ya mwongozo kuna orodha ya maneno machafu, yale ambayo ukiyasikia unayawekea nyota badala ya herufi. Miongozo mingi ninayopewa imeandikwa na Wamarekani, na hilo utaligundua haraka sana. Neno ambalo Mwingereza hawezi kulitamka mbele ya mama mkwe wake halimo kwenye orodha kabisa, kwa sababu aliyeiandika hajawahi kulisikia akilaaniwa nalo. Mfano ni wanka. Huko Uingereza ni neno zito, linamsema mtu kwa anachofanya peke yake chumbani. Mmarekani akilisikia anatabasamu kama ambaye ameonyeshwa picha ya basi jekundu la London. Waandishi wa ile tamthilia ya runinga ya Marekani iitwayo Buffy the Vampire Slayer walikuwa na vampaya Mwingereza, Spike, aliyelitumia na hakuna aliyeshtuka. Walioshtuka walikuwa Waingereza.

Kwenye makala haya nitayaandika maneno hayo kama sikio la Nairobi linavyoyasikia, kwa sababu ndivyo yanavyonifikia, kama sauti. Pia kwa sababu baadhi yake tulishayachukua zamani tukayapa tahajia yetu. Bladi, kwa mfano. Hakuna Mkenya anayehitaji kamusi hapo.

Basi tuanze na bladi, kwa kuwa ndilo neno lililowahi kupimwa kwenye mizani kadhaa kwa wakati mmoja, hadharani, na matokeo yakaandikwa magazetini.

Mwaka 2006 shirika la utalii la serikali ya Australia lilitoa tangazo la runinga la kuwaita wageni. Waaustralia wanaonekana mmoja mmoja wakisema wameshajiandaa: bia imemiminwa, ngamia wameogeshwa shampuu, papa wameondolewa kwenye bwawa la kuogelea. Mwisho mrembo mmoja, Lara Bingle, amesimama ufukweni kwa bikini, anakuuliza wewe mtazamaji uko wapi. Lakini hakuuliza hivyo tu. Katikati ya swali alitia bladi, akaifuatisha na hel, yaani jehanamu. Kwa Kiswahili cha mtaani tungesema, "Sasa mko wapi nyinyi, manze?" Kwa Waaustralia hiyo ilikuwa sauti ya jirani anayekuita uje chakula kinapoa. Miaka ya 1890 gazeti moja la Sydney, The Bulletin, lilikuwa limeshalipa neno hilo cheo cha kuwa kivumishi cha Australia. Kwao bladi haitukani mtu, inakolezea sentensi kama chumvi.

Tangazo likapelekwa Uingereza. Wakaguzi wa matangazo ya runinga wakalizuia. Shida yao ilikuwa bladi. Waziri wa utalii wa Australia, Fran Bailey, akapanda ndege hadi London pamoja na yule mrembo kwenda kulitetea neno, na marufuku ikaondolewa. Mwaka uliofuata bodi inayosimamia maadili ya matangazo Uingereza ikaamuru mabango ya barabarani yenye neno hilo yaondolewe, maana bango haliwezi kusubiri watoto walale.

Likapelekwa Kanada. Huko hakuna aliyejali bladi. Waliulizia hel, wakaulizia pia ile bia iliyomiminwa mwanzoni.

Hebu tulia na hilo kidogo. Ni sentensi moja, imesemwa na mtu mmoja, kwa sauti ile ile na bikini ile ile. Waaustralia waliona ukarimu, Waingereza wakaona bladi, Wakanada wakaona jehanamu. Ukimpa kila mmoja kamusi, maana ya maneno ingekuwa karibu sawa. Kilichotofautiana hakimo ndani ya kamusi.

Uingereza walikuwa na kesi ya zamani na neno hilo. Aprili 1914 mchezo wa Pygmalion wa Bernard Shaw ulifunguliwa jukwaani London. Ni hadithi ya muuza maua wa mtaani anayefundishwa kuongea kama bibi wa tabaka la juu. Katikati ya chai ya kiungwana, kwa lafudhi safi kabisa, anaachia bladi. Magazeti yalikuwa yanazunguka neno hilo kabla hata pazia halijafunguliwa, na mengine hayakuthubutu kulichapisha. Ilipofika 1956, mchezo huo ulipogeuzwa kuwa muziki wa My Fair Lady huko New York, utani huo haungefanya kazi tena. Wamarekani hawakuwa na kidonda hapo pa kutoneshwa. Ikabidi yule dada apige kelele kwenye mbio za farasi na kutaja makalio.

Kumbe kwa Waingereza bladi lilikuwa neno la tabaka. Uchafu wake ulitokana na midomo iliyolizoea, midomo ya bandarini na ya vibarazani. Australia ilijengwa kwa kiasi kikubwa na midomo hiyo hiyo, waliosafirishwa kama wafungwa na waliokwenda kutafuta maisha. Hapakuwa na wa kumwonea aibu. Ndiyo maana lilipofika kule likakua likawa la kila mtu.

Sasa hapa kwetu. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi kwenye shamba la ngano la mzungu upande wa Njoro, kabla ya Uhuru. Hakwenda shule. Kiingereza chake chote kilitosha kiganjani: yesi bwana, kamu hia, boi, na bladi fulu. Alikuwa na miaka zaidi ya thelathini, ana mke na watoto watatu, na aliitwa boi kila siku ya kazi. Ukimuuliza lipi lilimuuma zaidi, bladi fulu au boi, alikuwa akifikiri kwanza. Kisha anasema bladi fulu ilikuwa inakuja na kiboko, kwa hivyo ulijua siku yako iko wapi. Boi ilikuwa inakuja na asubuhi njema.

Huyo mzungu wa Njoro, akiwa kwao, labda angelitumia neno lile lile kwa farasi aliyekataa kuruka, au kwa rafiki aliyemshinda karata. Lingekuwa na uzito wa unyoya. Likapanda meli hadi Mombasa, likapanda treni hadi bondeni, likaanza kusemwa na mtu mwenye kiboko kwa mtu asiyeweza kujibu. Hapo ndipo lilipopata kilo zake za Kikenya. Mpaka leo Mkenya akikuita bladi fulu si mwenzako wa kukolezea sentensi. Ananuia. Na ukitaka ushahidi zaidi kwamba hatukurithi mizani ya wenyewe, chukua stupidi. Mwalimu Mwingereza anaweza kumwambia mtoto asiwe stupidi huku anamfunga kamba za viatu. Jaribu kumwita kondakta wa matatu stupidi pale Tea Room halafu unisimulie, kama utakuwa na meno ya kusimulia.

Kwa sababu ya kazi nimejizoesha kutotegemea kamusi. Kitu kinachonisaidia ni orodha za watangazaji wa nchi husika. Ofcom, wasimamizi wa utangazaji Uingereza, huwakusanya raia wa kawaida na kuwauliza neno gani linawaudhi na kwa kiasi gani, kisha wanayapanga kwa madaraja. Katika ripoti yao ya 2016, bladi iko daraja la chini kabisa, imekaa na baga na pia, nisamehe, ng'ombe. Ndiyo, kumwita mwanamke ng'ombe huko ni tusi dogo la kuruhusiwa mchana. Mama yangu angeomba kuonana na hao raia. Na ripoti hiyo hiyo inaweka bastadi juu, kwenye matusi mazito.

Bastadi linanirudisha Australia, maana huko limefanya safari kinyume. Kuna kisa cha kriketi kinachosimuliwa tangu ziara ya Waingereza ya 1932 na 1933, ile waliyokuwa wakirusha mpira kulenga miili ya wapinzani. Nahodha wao, Douglas Jardine, inasemekana alikwenda chumba cha Waaustralia kulalamika kuwa mmoja wao amemwita bastadi. Aliyefungua mlango akawageukia wenzake akawauliza ni bastadi gani kati yao aliyemwita huyu bastadi bastadi. Kisa kina matoleo mengi na sitakiapia, lakini kimedumu kwa sababu kinafundisha sarufi. Kwa Mwaustralia neno hilo peke yake halina rangi, ni kama msee. Rangi inaletwa na neno lililotangulia: bastadi masikini ni pole, bastadi mwenye bahati ni hongera, bastadi mwerevu ni sifa. Ninapolisikia kwenye rekodi ya Melbourne sisikilizi neno, nasikiliza kilicho kabla yake, halafu nasikiliza kama kuna mtu amecheka baada yake.

Hicho cha mwisho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Kimya baada ya neno. Tusi jepesi huliwa na mazungumzo, watu wanaendelea bila hata kupumua. Zito huacha shimo. Kwenye programu ya sauti unaliona kwa macho, mistari ya mawimbi inalala ghafla kama moyo uliosimama.

Mwaka juzi nilipata rekodi ya mkutano wa mtandaoni. Walikuwa watatu: mwanamume wa Marekani, mwanamume wa Uingereza, nadhani Birmingham kwa jinsi alivyoziburuta irabu, na mwanamke wa Australia. Mmarekani amechelewa kujiunga. Anaomba radhi, anasema printa yake imespazi tena, imetema karatasi sakafu nzima. Anacheka. Kisha mistari inalala. Sekunde nne. Mwingereza anakohoa. Yule dada wa Australia anasema sawa, tuendelee, kwa sauti iliyopoa kuliko ya dakika iliyopita. Mmarekani anaendelea kusimulia printa. Hana habari kuwa kuna kitu kimedondoka.

Neno hilo halikuwa kwenye orodha ya mteja. Niliandika kama lilivyosemwa, ndiyo kazi, nikaacha maelezo kwa mhariri kwamba dakika ya tatu kuna neno ambalo kwa wasikilizaji wa Uingereza na Australia ni tusi zito. Jibu lilikuwa fupi. Halimo kwenye orodha, liache.

Mimi neno hilo nililijua kabla ya kulisikia. Lilikuwa limeandikwa kwenye kadi ya kliniki.

Mdogo wangu ana mtindio wa ubongo. Ana miaka kumi na tisa sasa. Misuli yake ya miguu na ya mkono wa kulia imekaza muda wote, kama kamba iliyovutwa na haikuachiliwa, na hiyo ndiyo aina ambayo madaktari wanaiita spastiki, kutoka neno la Kigiriki la kuvuta. Tangu akiwa mtoto mchanga mathe alikuwa akiibeba kadi hiyo kwenye mkoba wa plastiki, na mimi niliyekuwa nasoma Kiingereza vizuri ndiye niliyekuwa nikimsomea. Hapo neno lilikuwa safi. Lilikuwa na mwenzake, fiziotherapi, na tarehe ya kurudi. Halikuwa na meno.

Uingereza pia lilianza hivyo, kwa wema. Mwaka 1952 wazazi wa watoto kama mdogo wangu waliunda chama huko, wakakipa jina la Kiingereza lenye neno hilo hilo, wakajivunia. Kilikuja kujulikana kama Spastics Society. Kilifungua shule na nyumba za kulelea. Kisha mwaka 1981, mwaka wa kimataifa wa watu wenye ulemavu, kipindi cha watoto cha BBC kiitwacho Blue Peter kikamwonyesha mzee aitwaye Joey Deacon.

Huyu Deacon naomba nikae naye kidogo, kwa sababu kazi yake na yangu ni ndugu. Alizaliwa 1920 na mtindio wa ubongo, akaingizwa hospitali moja huko Caterham, kusini mwa London, akiwa mtoto, akaishi humo miaka mingi. Watu walidhani haongei. Kumbe alikuwa anaongea, ila alikuwepo mtu mmoja tu aliyeelewa, rafiki yake Ernie Roberts. Wakaamua kuandika kitabu cha maisha yake. Deacon alisema sentensi, Ernie akairudia kwa sauti inayoeleweka, rafiki wa tatu, Michael Sangster, akaiandika kwa mkono, na wa nne, Tom Blackburn, akaipiga chapa. Tom hakujua kusoma. Alijifunza kutafuta herufi moja moja. Walipata mistari michache tu kwa siku, na kitabu kikatoka 1974. Wakati wowote nikilalamika kuhusu rekodi yenye upepo, namkumbuka Ernie.

Blue Peter walimleta ili watoto wamheshimu. Watoto wa Uingereza wakatazama vizuri sana, wakaenda shuleni kesho yake, wakapata kitu kipya cha kuitana uwanjani, joi, kikajiunga na spastiki waliyokuwa nayo tayari. Walikunja mikono na kutoa sauti. Mwingereza aliyekuwa shule ya msingi wakati huo ana kumbukumbu ya sura. Neno likiingia masikioni mwake linakuja na uwanja mzima wa shule, na mtoto fulani ukutani. Mwaka 1994 kile chama kikalikimbia jina lake chenyewe, kikajiita Scope. Watoto nao hawakuchelewa, wakaanza kuitana skopa.

Marekani halikupita njia hiyo. Kule lilikatwa mkia mapema likawa spazi, likamaanisha mtu asiye na mikono ya kushika vitu, baadaye likawa kitenzi cha mtu au mashine kupandwa na kiwewe. Wengi wanaolitumia hawajui lilipotoka, sawa na sisi tunaosema chizi bila kumfikiria mgonjwa yeyote. Tiger Woods alikumbana na hilo Aprili 2006. Alikuwa amecheza vibaya kwenye nyasi fupi za Augusta, akajiita spazi mbele ya kamera. Gazeti moja la Los Angeles liliponukuu lilibadilisha neno kimyakimya, na Wamarekani wengine wakaendelea na maisha. Uingereza iliwaka. Ikabidi msemaji wake aombe radhi kwa jambo ambalo nchini kwake halikuwa habari.

Halafu ukaja mwaka 2022. Juni, Lizzo akatoa wimbo wa Grrrls wenye neno hilo. Hannah Diviney, mwandishi wa Sydney mwenye mtindio wa ubongo wa aina hiyo hiyo ya misuli kukaza, akaandika mtandaoni kueleza kwamba hilo ni jina la kinachoendelea miguuni mwake. Ndani ya siku chache Lizzo akatoa toleo jipya bila hilo neno. Wiki chache baadaye, mwishoni mwa Julai, Beyoncé akatoa albamu, na kwenye wimbo wa Heated neno likawa limo tena. Diviney akaandika tena. Nalo likaondolewa.

Walioandika kuhusu hilo wengi walilifanya jepesi: mtu amekosea, mtu ameelimishwa. Mimi nadhani lilikuwa gumu zaidi. Kwa Wamarekani weusi, kuspazi ni kuachilia, kupagawa na mdundo, kutoa yote uliyonayo. Wao ndio walilisukuma neno huko, na hawakulitoa uwanjani kwa Joey. Wakasikia wanasahihishwa lugha yao kutoka Australia. Wapo waliokasirika, na siwezi kuwacheka. Lakini wimbo haubaki Houston. Unapigwa Leeds, unapigwa Sydney, unapigwa kwenye spika ya mdogo wangu hapa Umoja saa moja asubuhi nikiwa nimelala saa tisa.

Yeye anapenda Beyoncé kwa kiwango kisicho na dawa. Nilimweleza kisa kizima, polepole, neno, kadi ya kliniki, Hannah, kila kitu. Kuongea kwake kunahitaji subira. Sentensi inatoka vipande vipande, konsonanti za midomo zinalipuka, na zikija mbili pamoja anapumzika katikati. Mathe na mimi tunamwelewa bila shida, jirani mmoja anajaribu, wengine wanamwitikia tu "ehe, ehe" na kuondoka. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na Vaibu wataitoa lini?"

Vaibu ndilo jina lake mtaani. Walimpa vijana wa pale kwa maji, kutokana na simu inapowekwa kutetemeka. Si jina lenye chuki, wakikutana naye wanamsukumia kiti chake cha magurudumu hadi dukani na kumlipia soda. Wanamwita Vaibu kama wanavyomwita mwenzao Mrefu. Wakimwita mbele yangu nasikiliza kile kimya. Hakuna. Wanaendelea kuongea mpira. Nimejaribu kumuuliza kama linamuuma akasema inategemea ni nani. Nikamuuliza nani na nani. Akataja majina matatu ya watu ambao mimi nilidhani ni marafiki zake, na moja la mtu niliyedhani hampendi, ambaye yeye anaruhusiwa.

Lugha yetu nayo ina lake hapo, na nilishaliona nikiwa kidato cha pili. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, zote zimewekwa kwenye umbo la vitu, pamoja na kiti na kijiko. Siku hizi tunaandika mtu mwenye ulemavu, vizuri sana. Lakini hata wazee waliosema kiwete walisema kiwete amefika, hawakusema kimefika. Sarufi ilimpanga mtu na vyombo, midomo ikakataa kwenye kitenzi.

Mdogo wangu ana tusi moja analolipenda, nalo alilipata kwa babu kabla hajafariki. Walikuwa wakikaa pamoja kibarazani, mmoja haoni vizuri, mwingine hatembei, na babu alikuwa akimsimulia Njoro. Nikimnyima rimoti, au nikizima Beyoncé saa moja asubuhi, anajiandaa. Unaona pumzi ikivutwa. B ya kwanza inachukua muda, midomo inakaza, halafu inalipuka na mate, "Bla—di—fu—lu." Sekunde tatu nzima. Kufikia silabi ya mwisho ameshaanza kucheka, na mimi pia, hatuwezi kujizuia.

Mathe akiwa jikoni hacheki. Anaweka sufuria chini, anakuja mlangoni akifuta mikono, anamwangalia mwanawe, na kumwambia kwa upole kabisa, "Hiyo hapana, baba. Sema ingine."